Shuka za Hoteli Ukutani Kaloleni

Barua pepe ile niliiandika mimi, na ndiyo maana hasira yangu haina pa kukimbilia. Niliiandika kwa Kiingereza cha ofisi, jioni kadhaa mfululizo, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya sabuni katika dobi yetu ya Kayole. Nikaituma kwa mameneja wa hoteli, kila niliyeweza kupata anwani yake. Kwa maneno ya kwetu ilikuwa inasema hivi: Tutakuja kuchukua nguo zenu asubuhi za siku tulizokubaliana, bila kukosa. Zikitoka asubuhi, zitarudi kesho yake kabla ya wageni wenu kuingia vyumbani. Shuka zenu hazitachanganywa na za mtu mwingine, wala hazitatumika na mtu mwingine. Doa likikataa kutoka tutawaambia, hatutalificha ndani ya mkunjo. Na kukiwa na jambo la kutuchelewesha, mtalisikia kwetu kabla hamjauliza.

Niliisoma mara nyingi nikaipenda. Dada yangu mkubwa, ambaye tulianzisha kazi hii pamoja, nilimsomea akiwa anapiga pasi. Alisema ni nzuri, akaniuliza kama nimeweka neno la Mungu. Nikamwambia meneja wa hoteli hahitaji neno la Mungu, anahitaji shuka. Akacheka. Sikujua kwamba hakuwa amesikiliza.

Mameneja wengi hawakujibu. Mmoja alijibu, mama wa hoteli ya wastani upande wa chini wa jiji, mwanamke asiye na maneno mengi. Alikuja mwenyewe kuona mashine zetu. Akapitisha kidole kwenye meza ya kukunjia, akatazama jinsi shuka zinavyopitishwa kwenye rola zikiwa bado na unyevu ili zitoke zimenyooka. Akaniambia ukweli wake bila kuuremba: hoteli nzuri huwa na seti tatu za shuka kwa kila kitanda, moja kitandani, moja kwa dobi, moja stoo. Yeye wenye hoteli walimpa mbili. Maana yake dobi ikichelewa, kitanda kinabaki uchi. Ndiyo maana aliitoa barua yangu kwenye simu yake, akaniwekea kidole kwenye mstari wa kurudisha kesho yake, akaniuliza kama ninaelewa nilichoandika. Nikasema ninaelewa.

Hoteli ile ndiyo ilikuwa inalipa kodi ya chumba chetu cha mashine. Bila hiyo tungerudi kufulia majirani mablanketi, na kuomba Mungu mvua isinyeshe.

Sasa dada yangu. Yeye bado anaishi Kaloleni, mtaa tuliokulia, ambapo baba alikuwa mfanyakazi wa reli na kila mtu alijua jina la mbwa wa kila mtu. Dada ni mama wa kanisa. Ikitokea matanga Kaloleni, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Tangu tuwe na dobi, alijiwekea desturi: mfiwa yeyote wa mtaa anaazimwa shuka nyeupe za kufunika ukuta nyuma ya picha ya marehemu na za kutandika meza za wageni wa heshima. Zilikuwa shuka za wateja waliohama bila kuzichukua, na tulikuwa na lundo lake nyuma ya mashine. Hakuna aliyelalamika. Watu walimsifu sana, na dada yangu anapenda kusifiwa, sitaificha hiyo.

Akafa mzee mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alifanya kazi reli na baba. Baba alipofariki, mzee huyu ndiye aliyekuwa akitugongea asubuhi kuhakikisha tumeamka kwenda shule. Hakuwa na maneno ya kufariji watu, alikuwa na kugonga tu. Nilipopata habari nililia hadi nikaacha mashine ikizunguka tupu. Kikao cha kuchangia safari ya maiti kwenda nyumbani magharibi kikapangwa Jumamosi, katika ukumbi wa mtaa.

Jumamosi hiyo hiyo hoteli ilikuwa na kundi la wageni wa semina. Shuka zao zilifika kwetu Ijumaa asubuhi, tukafua, tukapitisha kwenye rola, tukakunja, tukazifunga kwenye plastiki kwa hesabu. Nilifunga vifurushi mwenyewe. Jumamosi asubuhi nikafika na dereva wa pikapu, nikafungua mlango, rafu ya hoteli ilikuwa tupu. Taulo zilikuwepo. Foronya zilikuwepo. Shuka hakuna.

Kwanza nilifikiri tumeibiwa, na nitasema kitu kibaya hapa: ningependa tungeibiwa. Mwizi unampigia kelele na majirani wanakuja. Kisha nikaona lundo la zile shuka za zamani nyuma ya mashine, halijaguswa, nikaelewa yote. Zile zilikuwa zimeanza kufifia na kuwa na rangi ya chai. Za hoteli zilikuwa zimenyooka kama karatasi. Dada ana ufunguo. Alitaka mzee azungukwe na kilicho bora.

Nilimpigia simu. Hakushika. Nikamwambia dereva twende Kaloleni.

Ukumbi ulikuwa umependeza, na hilo liliniongezea hasira. Shuka za hoteli zimepanda ukutani kutoka kona hadi kona, zimebanwa kwa pini, zimekunjwa mawimbi kama ya harusi. Meza zote zimetandikwa. Picha ya mzee katikati, amevaa koti la reli, hacheki. Wamama wa kanisa walikuwa wanapanga viti. Mjane alikuwa ameketi kando na dada zake, leso begani. Dada yangu alikuwa juu ya kiti na pini mdomoni, akinyoosha pembe ya mwisho.

Nilimwomba atoke nje tuongee. Akashuka polepole, akajua. Nje nikamwambia wageni wanaingia hoteli leo mchana, na kwamba hawana seti nyingine safi. Akanijibu kwa sauti ya kanisa, ile ya chini inayokuonyesha kwamba wewe ndiye unayepiga kelele. Akasema kikao kikiisha atazitoa mwenyewe, tuzifue, zifike jioni. Akasema meneja ni mtu, naye amewahi kufiwa.

"Mfiwa hanyimwi kitu," akasema. "Hiyo umesahau lini?"

"Mfiwa anapewa kilicho chako," nikamwambia. "Hizi si zako."

Akasema hasira hasara. Mimi nikasema maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, kuhusu watu wanaojengea jina lao kwa mali ya wengine. Wamama wawili walisimama mlangoni kutusikiliza. Kitu kimoja kilikuwa kinanizunguka kichwani, ule mstari wangu kwamba mtalisikia kwetu kabla hamjauliza. Nikatoa simu nikampigia meneja palepale, dada akiniangalia.

Sikumdanganya. Nilimweleza shuka ziko wapi na kwa nini. Akasema pole kwa msiba. Kisha akauliza, "Zinafika saa ngapi?" Nikamwambia nikizitoa sasa hivi, nikazifua upya, atazipata alasiri. Akasema atawaweka wageni sebuleni na chai, na kwamba alasiri isigeuke kuwa jioni. Akakata.

Nikarudi ndani nikapanda kwenye kile kiti alichoacha dada yangu.

Unatoaje shuka kwenye ukuta wa marehemu mbele ya wamama wa kanisa? Unatoa tu. Nilianzia kona ya mbali ili nisiwe karibu na picha. Pini zilikuwa nyingi, dada yangu hafanyi kazi nusu. Nyuma yangu sauti zikaanza, jamani, huyu si ndiye mtoto wa nani, eti shuka tu. Mwanamke mmoja aliniuliza kama nimelogwa. Sikugeuka. Nilikuwa nimejaa machozi na hasira kwa pamoja, sikuona ukuta vizuri.

Kisha nikasikia mtu anatoa pini upande wa pili. Alikuwa mjane. Alikuwa anatoa moja moja, anaziweka kwenye kiganja.

"Kama ni za watu, zirudishe," akasema, bila kunitazama. "Mzee wangu hakuwahi kulalia cha mtu."

Sikujua kama ananisaidia au ananihukumu, na sijui hadi leo. Nilikunja shuka, nikazibeba kwapani, nikapita mbele ya picha ya mzee bila kuitazama. Ukuta ulibaki na rangi yake ya zamani ya halmashauri, imebanduka mahali mahali.

Tulifua upya zote. Mbili zilikuwa na matundu ya pini, nikaziweka kando, na meneja nikamwambia kabla hajaziona. Zilifika alasiri. Alihesabu, akatia sahihi. Wageni walikuwa wamekaa sebuleni na mabegi yao, wamekunja nyuso. Siku ya pili akaniandikia: ataendelea na sisi kwa sharti moja, kwamba shuka za hoteli zifungiwe mahali ambapo hakuna mwingine mwenye ufunguo. Nikaenda Gikomba nikanunua kufuli nzito, nikaifunga kwenye kabati. Dada alikuja Jumatatu, akaigusa.

"Umenifungia mimi."

"Ndiyo."

Sikutaka kulainisha. Nilikuwa bado ninamkasirikia, kwa ukumbi, kwa yale macho, kwa kunifanya nipande kile kiti. Kazi ikaendelea. Tuliongea sabuni na umeme, basi.

Mazishi yalipangwa Jumamosi iliyofuata, huko nyumbani magharibi. Basi la waombolezaji lilikuwa linaondoka Ijumaa alasiri kutoka Kaloleni. Ijumaa asubuhi tulichukua shuka za hoteli, na Jumamosi zilitakiwa kurudi, kwa sababu niliandika hivyo mwenyewe, na baada ya yaliyotokea sikuwa na uso wa kumwomba meneja siku ya ziada. Ningeweza kumwachia dada kazi, lakini nani angemwamini, na mimi ndiye niliyehakikisha haaminiki. Yeye akapanda basi. Mimi nikabaki nikipitisha shuka kwenye rola. Saa walizokuwa wakimshusha mzee kaburini, nilikuwa kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, nikihesabiwa shuka.

Dada alirudi Jumatatu, viatu vyake bado vina udongo mwekundu. Hakunisalimu kwa ugomvi. Akavua leso, akaitundika, akaniambia mjane aliniulizia. Akiwa pale kaburini, mbele ya watu wote, akageuka akauliza yule mtoto wa jirani yuko wapi, yule ambaye mzee alikuwa akimgongea asubuhi.

Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilimwambia umeahidi watu wa hoteli," akasema. "Akauliza, na sisi?"

Nilihisi hasira ikipanda tena, ile ile, na safari hii nilimtafuta wa kumpa nikamkosa. Nikamwambia dada kwamba shuka zilifika kwa wakati. Aliwasha pasi, akavuta foronya ya kwanza, akaanza kazi.