Askofu Wangu Kwenye a7

Ilikuwa Jumamosi, saa tano na dakika kumi asubuhi, ndani ya darasa la skuli moja ya Wete, nilipomnyanyua askofu wangu na kumla askari wa pembeni. Saa naikumbuka kwa kuwa niliitazama ya ukutani mara tu nilipomtua. Sikutaka kumtazama mwenzangu usoni. Mimi watu siwatazami, hata kwa salamu.

Lile lilikuwa pambano la mwisho la wasichana. Kila skuli ilileta watatu, na wanne wa juu wangechaguliwa kwenda Unguja kucheza chesi kwa niaba ya Pemba. Mimi nilihitaji sare tu. Nikipata sare, naenda.

Niseme wazi kwa nini nilitaka kwenda. Mama yangu yuko Unguja. Aliachana na baba nikiwa darasa la tano, akaolewa huko, na baba hataki kusikia habari ya mimi kupanda boti kwenda kwake. Lakini safari ya skuli asingeweza kuikataa, maana mwalimu mwenyewe alikuja mpaka nyumbani kwetu Micheweni kumwomba, na baba mbele ya mwalimu alisema, "Akichaguliwa, ruhusa ipo." Nilimpigia mama usiku uleule kwa simu ya bibi. Alisema atakuja kunipokea bandarini. Bibi akanipa vipande viwili vya sabuni ya mwani na karafuu, ile anayoipika na wenzake wa kikundi, nimpelekee. Nikavifunga ndani ya mtandio na kuviweka mkobani, wiki nzima kabla ya kujua kama naenda.

Sasa yale ya ubaoni. Tulikuwa tumebakiwa na mfalme, askofu mmoja kila mtu, na askari. Maaskofu wetu wote wawili walitembea kwenye vyumba vyeusi, na kila chumba cha ubao kina jina lake, herufi na namba. Yeye alinizidi askari mmoja. Alikuwa msichana wa Wete mwenye miwani, mpole, aliyeniuliza kabla ya kuanza kama nimekunywa chai. Askari wake watatu walikaa upande mmoja, a7, b7 na c7, bado hawajasogea. Mfalme wake d7. Upande ule mimi nilikuwa na askari mmoja tu, a4, na askofu wangu alikuwa e3 akimtazama yule wa a7 kwa mshazari, njia wazi, hakuna anayemlinda.

Mwalimu wetu ana neno lake kwa jambo hili. "Kabla hujamla wa pembeni, niambie unatokea wapi." Maana askofu akiingia a7, askari wa b7 husogea hatua moja tu, b6, na mlango unafungwa. Njia ya b8 nayo haimfikishi mbali, kwa sababu c7 imezibwa. Kisha mfalme anakuja taratibu kumla. Mwalimu anasema kumla si kosa siku zote. Kosa ni kutohesabu. Mfalme wake yuko mbali kiasi gani, na askari wako ana nguvu ya kuuvunja ule mlango kabla hajafika?

Na mimi nilihesabu, Wallahi. Mfalme wake kutoka d7 alihitaji kwenda c8, halafu b7, halafu ndio amle. Mimi nilihitaji kumsukuma askari wangu mpaka a5 tu. Akimla, mlango umefunguka. Asipomla, nakula mimi pale b6, akinirudishia kwa askari wa c7, askofu wangu anamla huyo pia na mfalme wake hajafika. Alhamisi nilimfanyia mwenzangu mmoja wa skuli hivyohivyo kwenye mazoezi, akakasirika akamwaga kete zote. Kwa hiyo nilijiona nalijua jambo.

Hatua moja nyuma, yule wa miwani alikuwa amemleta askofu wake e1, mstari wa nyumbani kwangu kabisa. Nikaona anamtisha askari wangu wa f2. Nikaangalia: mfalme wangu yuko f3, anamlinda. Basi. Nikadhani askofu wake kazi yake imeishia hapo.

Nikala. Yeye akasogeza b6, bila haraka. Nikasukuma a5.

Askofu wake akatoka e1, akapita d2, c3, b4, akamla askari wangu pale a5. Mshazari mmoja mrefu, wazi muda wote. Alikuwa na macho mawili, moja f2 na jingine a5, na mimi niliona moja.

Sikulia pale. Nilimpeleka askofu b8, mfalme wake akaja c8. Nikamrudisha a7, mfalme akaja b7. Hapakuwa na pa kwenda. Nikamla askari wa b6 ili nife na kitu, askofu wake akanila. Nikaendelea kucheza hatua nyingi zisizo na maana, mpaka askari wake alipokaribia kuwa malkia, nikampa mkono. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Pole, dada. Ungesukuma wakati askofu wangu bado hajaenda e1, ningekuwa na kazi." Alisema kwa wema. Wema wake uliniuma zaidi.

Hata hilo si kweli. Kabla ya e1 alikuwa b4, na a5 alikuwa anaiona vilevile. Nimeligundua baadaye.

Nje, wenzangu wawili walikuwa wanakula mihogo ya kukaanga.

"Haya, askofu kaingia chooni, kafungiwa mlango!" mmoja alisema.

"Na maji hamna," akadakia mwenziwe.

Nikacheka nao. Nacheka hivyo nikiwa sitaki kuulizwa.

Mwalimu alinikuta nimekaa kwenye ngazi. "Ulihesabu?"

"Nilihesabu, mwalimu."

"Ulihesabu nini?"

"Mfalme. Na askari wangu."

"Na a5 nani alikuwa anaiangalia?"

Nikachora mshazari kwa kidole kwenye vumbi la ngazi, kutoka e1 mpaka a5.

"Ulikuwa na tabu, lakini hukuwa umeshindwa. Ungekaa na askofu wako pale katikati, angehangaika na wewe mpaka adhuhuri." Akaongeza, "Nitamwambia baba yako ulicheza vizuri."

Nilitaka kumwambia asimwambie kitu. Baba hakuruhusu nicheze vizuri, aliruhusu nichaguliwe.

Bibi alinisubiri mlangoni. Nikamwambia askofu wangu alinaswa.

"Askofu? Kafanya nini tena huyo askofu?" akauliza, na nadhani alitaka nicheke. Aliponiona akaniacha. Baba aliporudi aliuliza swali moja, nikamjibu, akasema, "Haya, kheri," akaenda msikitini. Hakuonekana kufurahi wala kusikitika.

Asubuhi ya Jumapili niliswali, nikachukua simu ya bibi, nikatoka nayo hadi nyuma ya jiko. Mama alipokea akiwa na mtoto analia karibu yake.

"Boti saa ngapi, mwanangu?"

"Siji, mama. Nimeshindwa."

Mtoto akaendelea kulia. "Basi mwakani," akasema. "Mwakani, inshallah."

"Inshallah."

Nikarudi ndani, nikatoa nguo mkobani moja moja na kuzirudisha sandukuni. Sabuni mbili zilikuwa bado ndani ya mtandio, na mtandio ulikuwa umeshaanza kunuka karafuu ya ile sabuni. Nikachukua kipande kimoja, nikajaza ndoo, nikafulia sare zangu za skuli.

Kingine nimekiacha ndani ya mtandio.