Barua ya Grasiana kwa Fundi Bomba

Pu. Sauti ndogo tu, kama gunia la mahindi lililomponyoka mtu mlangoni. Grasiana alikuwa jikoni akimenya mihogo, na hadi leo akishika kisu huisikia tena: mama yake, bibi Shida, ameteleza bafuni juu ya maji yanayovuja ukutani, amevunjika nyonga.

Ajuza sasa yuko hospitali na ataruhusiwa baada ya siku kumi. Kaka yake Grasiana, Bernardo, wa Handeni, alishatamka kwenye simu: "Siku hiyo bafu likiwa tayari, mama arudi kwako Masuguru. Lisipokuwa tayari, namchukua mimi. Vifaa nitanunua, ila nataka karatasi ya fundi, kila kitu kimeandikwa, na siku za kazi."

Bibi Shida alipoambiwa alimshika binti yake mkono. "Nikipanda gari la Handeni, sirudi." Walikuwa hawajawahi kutengana, tangu nyumba za wakata mkonge za Ngombezi alikozaliwa Grasiana, hadi nyumba hii aliyoijenga kwa miaka kumi na miwili ya kupikia watoto wa shule.

Mtu wa kuandika karatasi hiyo alikuwa mmoja tu, fundi Valentino wa Manundu, naye hakutaka hata kuisikia sauti ya Grasiana. Miaka mitatu nyuma alikuja, akashinda asubuhi nzima akipima bafu, akamwandikia orodha bure. Alisema bomba zote za chuma zimeoza, zing'olewe. Grasiana aliichukua orodha ile akampelekea Muhidini, fundi wa bei nafuu, naye akabadilisha kiungo kimoja tu, akapiga plasta, akaenda zake. Tangu hapo Valentino haandiki orodha kwa mtu yeyote. Simu ya Grasiana aliipokea mara moja. "Mama, vifaa nitakutajia kwa mdomo," alisema, akakata.

Basi Grasiana akaketi, akararua ukurasa wa daftari, akaandika.

"Ndugu fundi Valentino. Naomba uje uone bafu langu, kisha unipe kwa maandishi makadirio ya kubadilisha bomba zote, kuanzia kwenye mita hadi bafuni. Bomba ni za chuma, za nusu inchi, zimezikwa ukutani. Zinalisha bomba la kuogea, sinki na tangi la choo. Naomba kila kifaa ukiandike kwa aina, ukubwa na idadi, na ufundi uutenge na vifaa. Uandike pia nani atarudishia plasta na vigae, na kwamba maji yatajaribiwa kabla ukuta haujafungwa. Orodha yako ya mwanzo nilimpa mtu mwingine. Nilikukosea. Aliyeanguka ni mama yangu."

Aliipeleka mwenyewe kwa miguu. Valentino alikuwa kibarazani kwake akisafisha mashine ya kuunganishia bomba za plastiki kwa moto. Aliisoma barua, akarudia, akaikunja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi."

"Muhidini hajui kusoma barua?"

"Nimestahili hilo."

"Umestahili zaidi, ila leo nina kazi." Akachukua futi yake ya kupimia, wakafuatana hadi Masuguru.

Bafuni aligonga ukuta kwa nyundo, chini, juu, tena chini. Plasta ya Muhidini ilianguka kama ugali uliopoa. Akabandua kigae kimoja cha sakafu, akaingiza kidole, kikatoka na tope. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaandika mita za bomba, viwiko, viungo vya njia tatu, koki ya kufungia maji, saruji, mchanga, vigae. Alipofika chini kabisa kalamu ikasimama.

"Bomba zenyewe siku tatu, mama. Tatizo ni sakafu. Maji yameila kwa chini. Ivunjwe, ishindiliwe upya, zege likauke ndipo vigae. Siku kumi na nne."

Grasiana aliigusa karatasi kwa kidole. "Andika tisa."

"Tisa haitoshi."

"Andika tu, fundi. Bernardo ataisoma hiyo karatasi leo hii, nitamtumia picha kwa simu. Utamalizia mama akishafika, nitakuwa namwogeshea chumbani. Nakusihi."

"Na usiku akiamka kwenda chooni mwenyewe, kwenye zege bichi? Unamjua kuliko mimi."

Anamjua. Bibi Shida hangemwamsha mtu. Angeamka polepole, akishika ukuta, kama siku zote.

Valentino alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Nje jirani alikuwa akiita kuku wake. Grasiana aliutazama ukuta ulio wazi, chuma chekundu kinachomeguka ndani yake, na akilini akaona gari la kwenda Handeni na mkono mkavu wa mama yake dirishani.

"Andika kumi na nne," alisema, kwa sauti ndogo ambayo fundi alilazimika kuinama aisikie.