Mgongo wa Zulia la Shangazi

Shangazi alikuwa fundi wa kushona mazulia yaliyoraruka kwa miaka ishirini na sita, mpaka magoti yalipokataa kukaa sakafuni. Ndipo duka moja linalouza vitu vya mitumba mtandaoni likampa kazi ya macho. Wauzaji walituma picha, yeye akasema kama kitu ni cha nyuzi za asili au la. Neno lake likishatoka, duka liliandika "Imekaguliwa". Alilipenda neno hilo kuliko malipo.

Mimi nilikaa kwake nikisoma chuo, na jioni nilimshikia simu.

"Kuza hapo kwenye matamvua," angesema. "Unaona mstari wa cherehani? Yameshonewa juu kama kope za bandia. Zulia la mkono, matamvua ni ncha za nyuzi zake lenyewe."

Skafu aliiangalia pindo kwanza. Iliyokunjwa kwa mkono huvimba kidogo na mishono yake hailingani; hiyo aliiangalia mara ya pili. Iliyopigwa pasi bapa aliitilia shaka. Shali iliyoandikwa "sufu tupu" bila asilimia wala maelezo ya kufua ilimchekesha. "Lebo haina aibu, binti. Inaandika inachoambiwa." Ndiyo maana bila picha ya upande wa nyuma hakutoa jibu. Nyuma ya zulia la vifundo, ua la mbele huonekana lote, kifundo kwa kifundo. Lililochomwa nyuzi kwa mashine ya mkononi iitwayo bunduki huvikwa kitambaa kwa gundi, na nyuma huoni kitu.

Mama yangu, wifi yake, alikuja kila Jumamosi. Aliniuliza mambo hayo tukiosha vyombo, nami nikamweleza yote. Nilifurahi kwamba kuna mtu anauliza.

Siku moja mwenye duka alipiga simu.

"Bibi Fundi, lile zulia la ua jekundu ulisema vifundo, sufu. Mteja kaligeuza, kakuta kitambaa. Gundi inamwagika kama unga."

"Niliuona mgongo wake," Shangazi alisema.

"Basi liangalie tena. Na uniambie umeona nini."

Tulifungua picha zile nne. Ya mbele, ya lebo, ya matamvua, ya nyuma. Nilikumbuka siku alipozipitisha. Hata hakuniambia nikuze. Alitabasamu tu, akasema, "Hili nalipenda, sijui kwa nini."

Sasa akaniambia nikuze pembe ya chini. Kwenye mpaka wa buluu palikuwa na safu tatu za vifundo vya kijivu.

Shangazi aliinuka, akashika ukingo wa zulia la sebuleni kwake, akaligeuza. Safu tatu, kijivu. Alizifunga mwenyewe mwaka aliofiwa na mume, sufu ya buluu ilipomwishia.

"Nani alilitoa hili nje?"

Nilijua. Mwezi uliopita Mama alilichukua kwenda kulifua, akalirudisha baada ya siku mbili, likinukia sabuni. Tulimshukuru sana. Shangazi alimpa shali.

Nilimpigia Mama palepale, simu ikiwa kwenye spika, nikamuuliza juu ya picha zile.

"Jamani, ni picha tu," Mama alisema. "Nilipata mazulia sita yanayofanana na la wifi. Mbele ni yaleyale! Nani anakaa juu ya zulia akiangalia nyuma?"

"Mimi," Shangazi alisema.

Mama akashusha sauti. Kisha: "Wifi, si ungesema tu umechoka siku hiyo? Macho ya mtu mzima, watakuelewa."

Hilo ndilo lililomkalisha Shangazi chini. Alichukua simu, akakata bila kuaga.

Alimwandikia mwenye duka ukweli wote, nami nikaambatanisha picha mbili za pembe ile, ya muuzaji na yetu. Jibu lilikuja kabla hatujawasha taa. "Kwa hiyo zulia lililopigwa picha ni lako, na muuzaji ni wifi yako. Bibi Fundi, nitajuaje hukujua?"

Shangazi alisoma mara mbili. "Ningekuwa yeye, ningeuliza hivyohivyo," alisema. Hawakumtumia picha tena.

Jumamosi Mama alibisha. Zulia lilikuwa bado limelala kifudifudi, mgongo juu. Shangazi alimfungulia, akampisha apite.

"Mbona mmeligeuza?" Mama aliuliza, amesimama ukingoni.

"Karibu, wifi. Pita tu. Upande huo unaujua."

Mama alinitazama mimi. Niliyemwonyesha pa kupiga picha, tukiosha vyombo, ni mimi. Nikainama, nikaanza kuokota mavumbi katika matamvua.