Dole Gumba Kwenye Picha ya Dawa

"Picha gani hii? Nusu dawa, nusu dole gumba lako. Sasa mama nimpe anywe hilo dole?"

Fundi cherehani alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, mkasi mkononi. Upande wa pili mdogo wake, karani katika mji wa mbali, alijitetea kwamba siku mama aliporuhusiwa kutoka wodini yeye alikuwa anakimbilia basi. Isitoshe, wiki tatu zimepita, mbona dada anagomba leo?

Anagomba leo kwa sababu mama alikuwa hajarudi. Mwili ulirudi, huo umekaa mlangoni pa chumba cha kushonea, umejifunika shuka juani. Lakini mama mwenyewe, yule wa kumnyoa mteja bila maji kwa ulimi wake, hakuwepo. Madaktari walipolitoa lile rovu shingoni waliondoa na tezi yote, wakasema kidonge kitafanya kazi yake siku zote za maisha. Kidonge anameza, na kila siku anazidi kusinzia, anazidi kusikia baridi.

Tena mama na binti walikuwa na mapatano yao ya zamani. Mama ndiye mshona vifungo, ila macho yake hayaoni tundu la sindano. Binti humtungia uzi, mama hulipa kwa ubeti mmoja wa wimbo. Tangu operesheni Fundi hajaacha kutunga. Kila asubuhi huichomeka sindano kwenye kitakia cha pini, uzi ukining'inia, na hapo inabaki mpaka jioni. Deni limelala, na mdaiwa kalala.

Fundi akafunga duka, akampelekea mfamasia wa mtaani simu pamoja na pakiti zote. Mfamasia akaikuza picha, akauliza dawa hutolewaje. Fundi akajibu kwa fahari ya mtu asiyepoteza muda: kidonge cha tezi, cha kalsiamu na cha vitamini, vyote kwa mkupuo, pamoja na chai ya maziwa. Si vyote vimewekewa alama ya asubuhi?

"Dada yangu, kidonge cha tezi hakipendi majirani," mfamasia akasema. "Kalsiamu na maziwa vinakizuia kuingia mwilini. Lakini mimi sitakisia kilichoandikwa chini ya dole. Karatasi yenyewe iko wapi?"

Fundi akapiga simu tena, safari hii bila mkasi.

"Ninayo," mdogo wake akasema. "Iko kwenye mkoba. Ina jina la mama, dada. Niliondoka amelala, hata hatukuagana. Huwa naitoa naisoma."

Fundi alikuwa na maneno ya kumrarua mtu. Akayameza yote. "Basi itandaze mezani, ufungue dirisha," akasema. "Na hilo dole liweke mfukoni."

Picha mpya ikaja, safi. Pale palipokuwa na dole pameandikwa: tumbo tupu, maji matupu, kalsiamu isubiri saa zisizopungua nne. Mfamasia akapiga simu kliniki kueleza kilichotokea. Wakamjibu dozi isiongezwe kufidia iliyopotea, mgonjwa apelekwe apimwe damu.

Jioni Fundi akachukua karatasi ya kukatia ruwaza, akachora jedwali kwa rula. Maneno ya hospitali hakuyanakili yote. Akaweka muda, dawa, idadi, kula au kutokula, na kisanduku cha alama. Kumi na mbili asubuhi: tezi, kimoja, maji tu. Saa moja na nusu: chai. Saa nne na kitu cha kutafuna: kalsiamu kimoja, vitamini kimoja. Kalsiamu tena saa tisa na saa mbili usiku, na chakula. Pembeni ya kila dawa akashona kipande cha kitambaa cha rangi ya pakiti yake, maana herufi mama huzikwepa ila rangi hazimpotezi. Mfamasia akalilinganisha mstari kwa mstari na ile picha mpya na pakiti, ndipo jedwali likabandikwa ukutani.

Mama akalitazama. "Mimi nimekuwa kitambaa cha kupimwa?"

"Umekuwa mteja msumbufu," Fundi akamjibu, akampa chaki ya kuwekea alama.

Hakuna kilichobadilika kesho yake alipopelekwa kupimwa damu, wala wiki ile. Alama za chaki zikajaa, karatasi ikabadilishwa, ikajaa tena. Mdogo mtu akawa anapiga simu kuuliza kama alama ya asubuhi imewekwa, kana kwamba anabisha hodi. Siku moja shuka likaachwa kitandani. Siku nyingine mteja akaambiwa na mama kiuno chake hakikuongezeka, ni gauni ndilo lenye wivu.

Kisha asubuhi moja, alama imeshawekwa, chai inasubiri saa yake, mama akanyoosha mkono akachomoa sindano kwenye kitakia. Akachukua kifungo. Sauti ilitoka na mikwaruzo, kama cherehani iliyokosa mafuta, lakini ubeti aliufikisha mwisho.

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika simu chini ya meza, mdogo wake upande wa pili anasikiliza.

"Huo mmoja," mama akasema. "Nyingine unazonidai?"

"Hizo nimekusamehe," Fundi akasema, akampokea sindano atunge uzi mwingine.