Mlango wa Ndani

Siku hiyo tulikuwa sita sebuleni. Alikuwepo baba mdogo, fundi wa mawe, aliyeteremka alfajiri kutoka kwa basi la kwetu nyumbani, Magharibi mwa nchi, na bado alikuwa hajavua koti. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, kidato cha kwanza, na dada yetu wa darasa la saba. Kitinda mimba wetu, msichana wa darasa la tatu, alikuwa sakafuni akiambua njegere. Kwenye kiti cha karibu na mlango alikaa jirani yetu Mkamba ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kabichi kwa ajili ya biashara yake. Alikuwa amekuja kuturudishia sufuria akalazimishwa kunywa chai. Wa sita nilikuwa mimi, kifungua mimba, niliyeacha shule kidato cha pili mama alipoanza kuugua.

Tulikuwa tumemzika mama mapema mwaka huo. Baba alikuwa ametangulia miaka michache kabla, na kitu alichotuachia kilikuwa nyumba hii, ng'ambo ya barabara ukitoka mtaa wa Komarock. Alikuwa ameijenga mwenyewe kila wikendi alipotoka kiwandani. Chumba cha mbele alikikusudia kiwe duka. Alikiwekea mlango mpana wa bati unaotazama barabara, dirisha lenye wavu wa chuma, na mlango mdogo wa ndani unaotokea sebuleni, ili mama awe anapita na chai bila kuzunguka nje. Alikufa kabla ya kuweka hata rafu. Chumba kilibaki na baiskeli mbovu na mawe yaliyosalia.

Baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Sikuja kuwafukuza," alisema. "Lakini watoto hawali nyumba. Na kule nyumbani kuna ng'ombe wa watu."

Hilo tulilijua. Fahali aliyechinjwa kwenye matanga ya mama alitolewa na mzee wa boma jirani. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo halipwi kwa noti. Hurudishwa akitembea kwa miguu yake, tena asiwe mdogo kuliko yule aliyeliwa. Wazo la baba mdogo lilikuwa hili: nyumba yote ikodishwe, kodi imnunue ng'ombe, na sisi tugawanywe. Mmoja kwa shangazi wa Bungoma, wawili kwake, na mimi nitafute kazi ya ndani, nilale huko huko kwa watu.

Njegere zilizidi kuanguka kwenye bakuli, moja moja.

"Baba," nikasema, "kuna kile chumba cha mbele. Tupe nafasi kitulishe."

"Kwa biashara gani, mama?"

Hapo kila mtu akawa na duka lake. Mdogo wangu alitaka chumba cha kuonyesha video. "Baba mdogo, watu watajaa mpaka kwa mlango. Ni karate tu, karate, karate."

"Na wewe utasoma saa ngapi? Ama utafundishwa hesabu na hao wa karate?"

Dada alitaka saluni. Mimi nilitaka mashine ya kusaga unga. Baba mdogo mwenyewe alisema kuna mchungaji anayetafuta pa kufanyia ibada, ila akakumbuka kwamba mchungaji huyo ana ngoma mbili, na upande wa pili wa ukuta ndipo tunapolala. Video ilihitaji televisheni na deki ya kuchezea kanda. Saluni ilihitaji mashine ya kukausha nywele. Mashine ya kusaga ilihitaji umeme mkubwa wa viwandani, ambao nguzo ya mtaani kwetu haikuwa nao. Kila wazo lilipofika mlangoni lilidai kitu ambacho hatukuwa nacho.

Mama Kabichi alimaliza chai yake, akasogeza kiti mbele.

"Mnisamehe, mimi ni mgeni kwa maneno ya ukoo," alisema. "Lakini nawasikia mnatafuta vitu vya kuweka ndani ya chumba. Sisi pale barabarani tuna vitu, chumba ndicho hatuna. Kila jioni nabeba kabichi zangu mpaka nyumbani kama ninahama. Kesho nazirudisha. Shingo yangu imeingia ndani, hamuioni?"

Tuliitazama shingo yake. Kitinda mimba akacheka, nasi tukacheka.

Baba mdogo hakucheka sana, lakini alisema atarudi shule zikifungwa. Akikuta chumba kinalisha watoto, tutabaki. Akikuta hadithi, atakuja na lori.

Stoo yetu ilianza wiki hiyo hiyo na kabichi za mtu mmoja. Wachuuzi wa barabara ile walikuwa wakiuza jioni, wafanyakazi wanaporudi kutoka viwandani, na giza likishaingia walifunga. Habari zikaenea. Wakaja wanawake wawili wa nguo za watoto wanaonunua mitumba soko la Gikomba, muuza viatu, na muuza vikombe vya plastiki. Kila mmoja alilipa kidogo kwa kila mzigo uliolala, usiku anapouweka. Mimi nilikuwa nafungua mchana wanapochukua na usiku wanaporudisha, na katikati nafua nguo za watu wa Komarock.

Tulijifunza kwa kuchekwa. Mdogo wangu alipanga mbao juu ya mawe ya baba ili mvua ikiingia isilowanishe mizigo. Panya walipotokea tukaazima paka, na paka akapenda maisha yetu akakataa kurudi kwao. Muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alipokuja nilitaka kumkubali, maana harufu ile kwangu ni harufu ya nyumbani. Wa nguo za watoto wakanizuia.

"Dada, mtoto wa mtu avalishwe sweta inayonuka ziwa?"

"Si ni vizuri? Paka watamfuata, mamake hatampoteza," akajibu muuza omena, naye akaenda zake bila kinyongo.

Jambo lililofanya watu watuamini lilikuwa kufuli mbili. Mama Kabichi ndiye aliyelileta hilo. Moja yangu, ya pili ya wachuuzi, na ufunguo wa hiyo ya pili ukakaa kwake Mama Kabichi. Mlango wa bati haukufunguliwa hadi tuwepo sisi wawili. Ndani, kila mtu alifunika mzigo wake kwa shuka kuukuu na kuufunga kwa fundo lake. Hatukuandika kitu. Fundo la mtu ndilo lilikuwa jina lake. Muuza viatu alifunga kwa kamba za viatu, tena kama anayefunga mbuzi asiyemwamini.

Shule zikafungwa. Jioni moja ujumbe ukafika kupitia mtu wa kwetu kwamba baba mdogo yuko njiani. Tulipika, tukapiga deki, na asubuhi nikaenda kumpokea kituoni. Tuliporudi, nikakuta uzio wote umetandazwa mashuka yanayotona maji. Kitinda mimba alikuwa amesimama kando, mikono imekunjamana kwa sabuni, uso unang'aa.

"Nimefua yote," alisema. "Mama alikuwa anasema mgeni asikute vitambaa vichafu."

Alikuwa amepita mlango wa ndani. Alikuwa amefungua kila fundo, akavua kila shuka, kisha kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu akapanga mizigo upya, mikubwa chini, midogo juu. Kamba amezisuka pamoja, amezitundika msumarini.

Wachuuzi walipokuja mchana, Mama Kabichi akafungua kufuli yake, nami yangu, na mlango ukafunguka mbele yao wote. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Kabichi hazikuwa na tatizo, wala viatu, wala vikombe. Lakini marobota mawili ya nguo za watoto yalikaa pale uchi ndani ya magunia yao, yamefanana kama mapacha, na wenyewe wawili wakaweka mikono juu ya lile lililonona.

"Hili ni langu."

"Lako tangu lini? Lako ni lile lililokonda kama wewe."

Nilihisi lori la baba mdogo likinguruma tayari nje. Kisha nikakumbuka jambo nililoliona kila usiku nikiwa nimeshika taa. Mmoja alikunja nguo mikono ikiingia ndani, kama mama anavyokunja za mwanawe. Mwingine alizikunja kwa urefu kisha akaziviringisha, ili zisipate mikunjo.

"Kila mmoja anikunjie nguo moja," nikasema, na nikawapa blauzi zetu wenyewe kutoka kwenye kamba ya kuanikia.

Mikono yao ilifanya kazi kabla vichwa havijafikiri. Nikafungua robota nono: nguo zote zimeviringishwa. Aliyekunja mikono ndani akatazama, akavuta lile jembamba taratibu.

"Kumbe nimeuza sana jana," alisema. "Nilidhani nimebakiwa na nyingi."

Watu wakacheka, naye akacheka pia. Nikadhani mambo yameisha. Lakini muuza viatu hakucheka. Alikuwa anatazama ukutani.

"Dada," alisema, "kufuli mbili huku mbele. Mtoto alipitia wapi?"

Sote tukaugeukia mlango mdogo wa baba, uliokuwa umefungwa kwa komeo la upande wetu tu. Tulikuwa tumeishi nao hadi tukaacha kuuona.

"Hakuna kilichopotea," Mama Kabichi alinitetea.

"Leo," akasema muuza viatu, kwa upole. Alianza kukusanya viatu vyake vyote, hata vile vya kuachwa stoo, na wengine wakaanza kuinamia mizigo yao.

Alikuwa na haki. Nikasema tu, "Tutauziba. Leo hii. Mkiwa mnatazama."

Mdogo wangu akaninong'oneza kwamba hatuna pesa za fundi.

Ndipo baba mdogo akavua lile koti. Aliligonga jiwe moja la baba kwa kidole, akasikiliza, akaligeuza. "Kaka yangu alichagua mawe vizuri," alisema. "Simiti iko wapi?"

Nusu mfuko ulitoka kwa Mama Kabichi, uliobaki mumewe alipojenga choo. Mchanga tuliuchota nyuma ya nyumba. Wachuuzi walichelewa kwenda kuuza ili washuhudie. Dada alichanganya simiti na mchanga, mdogo wangu akapitisha mawe, na kitinda mimba, aliyekuwa amelia kidogo, akapewa kazi ya kushika uzi wa kunyooshea mistari ya mawe. Wa kukunja na wa kuviringisha walikaa pamoja juu ya robota moja wakimsahihisha baba mdogo.

"Mzee, umepinda hapo."

"Ni wewe umekaa upande."

Nilitazama mlango wa baba ukipotea mstari kwa mstari. Nilisikia uchungu, siwezi kukataa. Ila mama asingepita tena pale na chai, na nadhani baba angeyapenda mawe yake kuwa kazini.

Muuza viatu aligonga ukuta kwa vidole, akaurudisha mzigo wa kuachwa juu ya mbao, akaufunga fundo lake la mbuzi.

Siku ya pili baba mdogo alikuwa anaondoka. Mama Kabichi alimpa kabichi ambayo ilibidi aibebe kama mtoto. Pale langoni nilimuuliza, kwa kuwa hakuwa amesema, "Baba, na lori?"

"Nikiwahamisha, ule ukuta nimejenga kwa nini?" Akaihamishia kabichi bega la pili. "Bakini. Fungeni mlango."

"Na ng'ombe?"

Alikuwa ameshaanza kutembea, na hakugeuka.

"Ng'ombe bado, mama. Yule mzee wa boma jirani kila jioni anahesabu zizi lake, akifika mwisho anaangalia upande wa kwetu."