Ripoti ya Mama Seva Isiyokosa Asubuhi

"Tangu nikabidhiwe chumba kile, ripoti haijakosa kufika asubuhi hata moja. Siku ikikosa, nifukuzeni, na barua ya kunifukuza nitaiandika mwenyewe, maana nyinyi hamjui kupanga sentensi."

Hayo shangazi yangu aliyasema kwenye kipaza sauti, sherehe ya kufunga mwaka, mbele ya wafanyakazi wote wa ghala la dawa. Watu walipiga makofi. Meneja alicheka mpaka soda ikampitia puani. Mtu mmoja tu hakucheka: mkaguzi wa hesabu, aliyekuwa ameletwa kukagua stoo na akakaribishwa kula kwa adabu tu. Aliacha kutafuna. Mkaguzi akiacha kutafuna, jua kuna mtu hatalala.

Kazini wote humwita shangazi Mama Seva. Mimi niko dawati la mauzo, nafasi niliyoipata kwa mgongo wake baada ya chuo na mimi kuachana katikati ya diploma, kila mmoja akidai mwenzake ndiye mkorofi. Naishi kwake. Kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona pande zote mbili, kwenye meza ya chakula na kwenye korido ya ofisi.

Kazi yake inaelezeka kwa pumzi moja. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kuwekea mifagio, kina seva ya ghala, yaani kompyuta inayobeba hesabu zote za dawa. Ndani yake kuna ratiba: kila alfajiri programu fupi huamka, huangalia dawa zipi zimepungua na zipi zinakaribia kuharibika, kisha huituma orodha kwa barua pepe. Mnunuzi akifika, anaagiza kwa orodha hiyo. Ni kazi ya dakika moja. Lakini ikikosekana, mnunuzi anaagiza kwa kubahatisha, na hospitali hazitibu kwa bahati.

Mwaka mpya ulipoanza, meneja akaajiri binti wa kutengeneza tovuti ya wateja. Mpole, miwani mikubwa, sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kwenye kikao chake cha kwanza akasema, "Hizi ripoti ndogondogo tungeweza kuzihamishia kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni. Hakuna haja ya seva kukaa macho usiku kucha kwa kazi ya dakika moja. Unaandika programu, unaipa saa ya kuamka, inafanya kazi yake, inapotea. Unalipia ule muda tu ilioamka."

Shangazi akamtazama kama anayepima kitambaa sokoni. "Inaamka yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Inafanya kazi mahali usipopajua, kisha inapotea?"

"Ndiyo."

"Kwetu kitu cha namna hiyo hatukiajiri, mwanangu. Tunakifukiza."

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Nyumbani jioni ile aliosha sufuria moja mara tatu. "Wameleta katoto kenye heshima ili nishindwe kukachukia," alisema. "Wakishahamisha ripoti watauliza, na huyu mama wa chumba cha mifagio anabaki kufanya nini? Kikulacho ki nguoni mwako."

Kumbe wakati yeye anamwinda binti, mkaguzi alikuwa anamwinda yeye. Alikwenda utawala, akauliza swali moja: Mama Seva huenda likizo lini? Jibu lilikuwa haendi. Mwaka hadi mwaka, haendi. Hata mwanawe alipojifungua mtoto wa kwanza kule mbali, mjukuu wake alimwona kwenye simu, akimsalimia kwa kidole kwenye kioo.

"Mtu asiyekwenda likizo," mkaguzi alimwambia meneja, na mlango wa meneja haufungi vizuri ndiyo maana najua, "ana chungu jikoni ambacho hataki mwingine akifunue. Ripoti zinasema dawa zipo. Nani anajua kama zipo? Mpeni likizo ya lazima. Achukue siku zake, aache na funguo. Tuone kitakachonuka."

Akapewa. Akakabidhi ufunguo kama anayekabidhi jino. Binti naye akaambiwa ajaribishe programu yake ya wingu sambamba na ile ya seva, wazilinganishe.

Mwanawe akapiga simu siku ileile. "Mama, sasa njoo basi. Mtoto anatambaa."

"Nitakuja."

"Ulisema hivyo akiwa tumboni."

Shangazi hakusafiri. Alikaa sebuleni, simu mapajani, akisubiri nakala ya ripoti kila asubuhi kama mtu anayesubiri matokeo ya kipimo. "Nikiondoka hapa," aliniambia, "watanichimbia shimo, na wewe watakutuma ulete koleo."

Siku za mwanzo ripoti ya seva ilifika. Ile ya wingu, siku ya kwanza, ilifika saa tatu asubuhi, watu wakinywa chai na mnunuzi ameshaagiza. Binti alikuwa ameandika saa ya kuamka bila kuiambia ni saa ya wapi, na wingu lisipoambiwa hufuata saa ya kimataifa, si ya ukutani kwetu. Alirekebisha siku hiyohiyo. Nilipompa shangazi habari, alikula vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kisha umeme ukakatika usiku, na uliporudi seva haikujiwasha.

Asubuhi hakukuwa na ripoti, si ya seva wala ya wingu. Programu ya wingu iliamka kwa wakati wake, ikaenda kuomba hesabu, na hesabu zimo ndani ya seva, na seva imekufa. Tofauti ni moja: ile ya seva ilinyamaza kimya, maana haiwezi kusema "nimeshindwa" ikiwa yenyewe imezimika. Ile ya wingu ilimtumia binti ujumbe kwamba imegonga mlango na haikufunguliwa. Ndiyo maana binti alikuwa wa kwanza kufika.

Mkaguzi alikuwa wa pili, na alikuwa na furaha. "Miaka yote haijakosa," alisema. "Anaondoka, inakufa. Hiyo si ajali. Ametega."

"Umeme ulikatika," binti alisema.

"Umeme haukuwahi kukatika siku nyingine?"

Umeme wetu hukatika kila mara, kila mtu anajua. Na ripoti haikuwahi kukosa. Meneja akaniangalia mimi, mtoto wa kaka wa mtuhumiwa. "Mwite shangazi yako. Mwambie akija bila maelezo, ile barua aliyoahidi tutamwandikia sisi, na sentensi zikipinda atuwie radhi."

Alikuja na kanga ya nyumbani begani. Kwenye korido walikuwapo meneja, mkaguzi, binti na mnunuzi, ambaye alikuwa anataka orodha yake na mengine hayamhusu. Mkaguzi ndiye aliyeanza.

"Mama, umeweka nini kwenye mashine ili ife ukiondoka?"

Nilimwona shangazi akipima. Alikuwa na njia mbili tu. Anyamaze, majigambo yake yabaki mazima na kazi iende. Au aseme ukweli, kazi ibaki na majigambo yaende. Kwa anayemfahamu, haikuwa hesabu rahisi.

"Nipeni ufunguo," alisema.

Akaingia. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Tukasubiri feni ziamke. Akaandika mstari mmoja, akabonyeza, na simu ya mnunuzi ikalia mfukoni.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Hivyo ndivyo isivyokosa."

Akatugeukia sote.

"Umeme ukikatika usiku nasikia friji ya nyumbani imenyamaza, naamka. Nafika hapa kabla ya mfagizi. Umeme ukirudi nawasha, naiita ripoti kwa mkono, nakwenda kunywa chai. Ratiba ya seva haijui ilichokosa. Saa yake ikipita mashine ikiwa imelala, imepita, inangoja kesho. Kwa hiyo ratiba ni mimi."

Nilikumbuka zile alfajiri alizokuwa akiniambia anawahi foleni ya maziwa. Maziwa yenyewe sikuwahi kuyaona.

"Kwa nini usiipange ijiwashe yenyewe umeme ukirudi?" binti aliuliza, bila kejeli.

"Umeme wa hapa ukirudi huwa unarudi, unaondoka, unarudi. Mashine ikijiwasha katikati ya mchezo huo inakatwa tena. Ilishatokea, ikaharibu hesabu za mwezi mzima. Betri ya kuishikilia ilishakufa siku nyingi." Akamgeukia meneja. "Niliomba betri. Ukasema mwakani. Nikaomba mwakani, ukasema si nilisema mwakani?"

Meneja alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

"Kwa hiyo kipaza sauti kile kilisema uongo," mkaguzi alisema.

"Nilisema haijakosa. Haijakosa. Hukuniuliza kwa nguvu za nani."

Mkaguzi hakuridhika. Alihesabu stoo nzima, boksi kwa boksi, kwa siku kadhaa, akilinganisha na ripoti. Kila kitu kilikuwapo. Nadhani ilimuuma.

Walipoketi kuamua, shangazi alikuja amejiandaa kwa vita, na binti ndiye aliyemwangusha, kwa kukubaliana naye. "Ripoti ibaki kwenye seva," binti alisema. "Hesabu zote ziko pale. Programu ya wingu yenyewe karibu ni bure, lakini ile njia salama ya kuifikisha kwenye seva yetu inalipiwa kila mwezi, itumike isitumike. Tutalipia daraja kupitisha barua moja."

Shangazi akamkazia macho. "Unataka nini?"

"Betri. Seva ijiwashe umeme ukitulia. Na tubadilishe ratiba, tuweke ile inayokumbuka: ikikosa saa yake, ikiamka inafanya kwanza ilichokosa. Halafu seva ikishatuma ripoti iache alama kule kwenye wingu. Programu ndogo ya wingu iwe mlinzi tu, iangalie alama kila asubuhi. Isipoiona, itupigie kelele, mimi na wewe."

"Na wewe?"

"Na mimi, mama. Nawe uende ukamwone mjukuu."

Alitafuta mtego ndani ya maneno hayo jioni nzima. Hakuupata, na hilo nalo akalitilia shaka. Lakini alifunga begi.

Asubuhi ya kwanza akiwa kwa mwanawe alinipigia.

"Mlinzi hajapiga kelele," alisema.

"Kwa sababu ripoti imefika, shangazi."

"Au kwa sababu mlinzi naye amekufa. Umeiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu yote mawili."

"Mwambie yule binti, mlinzi wake awe anasema hata siku za heri. Anayenyamaza simwamini." Nyuma yake mjukuu alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko. "Ngoja, huyu mwingine naye ana kelele zake."

Binti akabadilisha. Sasa kila asubuhi simu ya shangazi inapata ujumbe: ripoti imetoka. Ananiambia anaamka alfajiri vilevile, kuusubiri.

Betri mpya ya seva, ile ya kila mwaka "mwakani", iligharimu dola tisini na mbili tu.