Nukta ya Miezi Kumi na Miwili

Kliniki nzima ilimwita Mama Mizani, na wala hakukasirika. Tangu asubuhi hadi saa nane alikuwa akivua watoto wa watu nguo, akiwaning'iniza kwenye mizani, akiwalaza kwenye ubao wa kupimia urefu huku wakimpigia mayowe kama wanachinjwa. "Lia baba, lia, mapafu yanakomaa!" ndiyo salamu yake. Akina mama walicheka. Jioni alirudi kwenye chumba chake kimoja, akafunga mlango, na hapo hakuna wa kumpigia kelele tena. Sare yake ilikuwa imeanza kumpwaya, akaibana kiunoni kwa pini.

Mjukuu alikuwa naye, lakini hakuwahi kumshika. Bintiye alijifungulia mbali, nchi ya watu. Mara ya mwisho walipoonana kwenye simu ya video, Mama Mizani aliropoka: "Mbona mtoto amekonda hivyo, unampa nini?" Binti akanuna. Simu zikapungua, kisha zikakoma kabisa. Ulimi jamani! Alijilaumu mpaka akachoka kujilaumu.

Jumapili moja mchana simu ikalia. Ilikuwa picha ya skrini: chati mbili za watoto wa kiume, ya uzito juu, ya urefu chini, zote na mistari yake tu, bila nukta hata moja. Chini yake binti ameandika: "Mama, kliniki ya huku wananipa namba tu. Niwekee nukta. Miezi sita: kilo 7.9, sentimita 67.6. Miezi tisa: 8.2, 71.8. Mwaka: 8.4, 75.5." Basi. Hata shikamoo hakuna.

Mama Mizani aliipokea kazi hiyo kama anayepokea mgeni. Akavaa miwani, akaikuza picha, akaanza na urefu: umri chini, sentimita pembeni, gusa zinapokutana. Nukta tatu zikapanda vizuri karibu na mstari wa katikati. "Huyu kamchukua babu yake," akajisemea kwa sauti.

Uzito sasa. Nukta ya kwanza ikakaa juu ya mstari wa katikati wenyewe. Ya pili ikashuka, ikawa kati ya huo na wa chini yake. Ya tatu ikaangukia chini kidogo ya huo wa chini. Alipoziunganisha, mistari ya chati ilikuwa ikipanda na mstari wa mjukuu wake karibu umelala kabisa.

Akiandika ukweli, binti atanuna tena, na safari hii huenda ni moja kwa moja. Na kidole chake kilikuwa kinene. Akikisogeza juu kidogo tu, nukta ingegusa mstari na nani angemshika? Akakisogeza. Akaitazama nukta ile ya uongo kwa muda, kisha akaifuta. Watoto wa watu hakuwahi kuwadanganyia, atamdanganyia wa kwake?

Akaandika kwanza: "Alipimwa na nguo?"

"Sweta na suruali," binti akajibu.

Loo! Basi ukitoa nguo, hata hizo kilo nane nukta nne hazijafika. Akaandika polepole: "Urefu unakwenda na mstari wake, uko vizuri. Uzito bado haujafika kwenye mstari wa hatari, kwa hiyo usitishike. Lakini kila ziara unashuka mstari, na miezi mitatu hii umeongezeka kidogo mno. Wiki hii mpeleke kwa daktari, apimwe bila nguo, waulize kama anaumwa, na mweleze anakula nini na mara ngapi. Sikulaumu, mwanangu." Akatuma, akaiweka simu mezani kifudifudi maana hakutaka kuiona ikikaa kimya.

Ikaita.

"Mama." Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, ile sauti hasa, ya mapafu yanayokomaa. "Nilikuwa najua. Yaya aliacha, namwacha kwa jirani, narudi jioni nakuta chakula kama nilivyokiacha. Sikuwa na wa kumwambia. Nikasema ngoja nikutumie namba, utaona mwenyewe."

"Nimeona."

"Umekasirika?"

"Nikasirike nini? Mpakulie sasa hivi, simu iache hapo hapo mezani. Usikate."

Basi akakaa kitandani akisikiliza kijiko kikigonga bakuli, mtoto akinung'unika, binti akimbembeleza. Kisha binti akauliza, "Na wewe mama, umekula?"

"Nimekula," akasema upesi.

"Mama."

Jiko lilikuwa baridi tangu juzi. Mama Mizani akavua miwani, akajifuta macho kwa kanga, akainuka kutafuta sufuria. "Ngoja niweke maji," akasema. "Usikate."